Aliyegongwa Kichwa: Kumlaza, Kumchunga na Kuwahi Kabla Mboni Haijapanuka

Mwongozo huu ni wa nesi wa zamu ya usiku katika hospitali ndogo isiyo na mashine ya skani ya kichwa wala kifaa cha kupima shinikizo ndani ya fuvu. Hospitali nyingi za huku kwetu ziko hivyo. Skani na daktari wa upasuaji wa kichwa wako Kisumu, Eldoret au Nakuru, na wewe uko na kitanda, oksimita, mashine ya kupima presha, tochi na chati. Vinatosha kugundua kwamba ubongo unabanwa, mradi uanze mapema na usisubiri zile dalili ambazo vitabu vinazipa majina makubwa. Hizo huja mwisho.

Nitafuata mgonjwa mmoja wa mfano. Kijana wa miaka 27, kilo 60, ameanguka na boda boda karibu na Ahero bila helmeti. Wenzake wanasema alizimia dakika chache kisha akaamka. Anafika saa 2:40 usiku, ana uvimbe juu ya sikio la kulia, ananuka pombe, anaongea lakini anachanganya siku. Hana jeraha jingine kubwa, tumbo ni laini, na kola ya shingo imeshavalishwa.

Kinachotokea ndani

Fuvu la mtu mzima ni boksi la mfupa lisilotanuka. Kwa makadirio, asilimia 80 ya kilichomo ni ubongo, asilimia 10 ni damu na asilimia 10 ni maji ya ubongo. Damu ikianza kuvuja na kujikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo, lazima kitu kingine kipishe. Kwanza maji ya ubongo husukumwa kwenda kwenye uti wa mgongo, kisha damu ya vena hukamuliwa nje. Katika kipindi hicho mgonjwa anaweza kuonekana mzima kabisa, anaomba chai na simu yake.

Ni kama matatu ya abiria 14. Wa 15 na wa 16 wanaingia, watu wanajibana, safari inaendelea. Akija mmoja zaidi, hata mtoto, mlango haufungi. Ndiyo maana shinikizo halipandi polepole kwa kipimo sawa. Hukaa karibu na kawaida, ambayo kwa mtu mzima aliyelala ni takriban 7 hadi 15 mmHg, halafu mililita chache tu za damu zinalirusha juu. Penye vifaa vya kupimia, matibabu huanza likizidi 22.

Kwa nesi maana yake ni mbili. Mgonjwa aliyekuwa mzima saa tatu anaweza kuwa mahututi saa tano bila mtu yeyote kukosea. Pia, akiwa karibu na ukingo, kitu kidogo kama shingo iliyopinda, kikohozi kirefu au kibofu kilichojaa kinaweza kumsukuma.

Hatua ya kwanza: pumzi, presha na sukari

Kabla ya kupima fahamu, hakikisha anapumua na damu inazunguka. Ubongo ulioumia hauvumilii kukosa oksijeni wala kushuka kwa presha, hata kwa dakika chache. Weka oksijeni ili oksimita isome angalau 94. Presha ya juu kwa kijana kama huyu isishuke chini ya 110. Ikiwa ni 85 na moyo unaenda mbio, usilaumu kichwa: mtu mzima aliyegongwa kichwa na presha imeshuka, tafuta damu kwingine, kifuani, tumboni, nyonga au paja.

Choma kidole upime sukari. Sukari iliyoshuka hufanana na ubongo uliobanwa, na kwa mtu aliyekunywa bila kula si jambo la ajabu.

Dripu iwe ya chumvi ya kawaida. Usitundike dekstrosi ya asilimia 5 kwa mgonjwa wa kichwa ambaye sukari yake ni nzuri. Ile sukari ikishatumika mwilini, kinachobaki ni maji matupu, nayo huvutwa na ubongo na kuuvimbisha. Ikiwa hazijapita saa tatu tangu ajali, mkumbushe daktari au afisa wa kliniki kuhusu asidi ya traneksamiki, gramu 1 kwa dakika 10 kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8. Zikishapita saa tatu, usiianzishe. Deksamethasoni nayo iache kabatini. Utafiti mkubwa ulioitwa CRASH, uliochapishwa mwaka 2004 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 10,000, ulionyesha kwamba steroidi kwa majeruhi wa kichwa iliongeza vifo. Bado wapo wanaoiandika kwa mazoea. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Huyu kijana: oksijeni 97, presha 124/78, mapigo 88, pumzi 18, sukari 5.8. Mboni zote mbili ni milimita 3 na zinajibana haraka kwenye mwanga.

Hatua ya pili: mlaze sawasawa

Hili linaonekana dogo na ndilo linaloharibiwa zaidi wodini. Lengo ni damu ya vena itoke kichwani kwa urahisi. Vena kubwa za shingo humwaga kwa kuteremka, kwa hiyo kichwa kikiinuliwa nyuzi 30 damu hushuka vizuri na shinikizo hupungua ndani ya dakika chache. Haigharimu chochote na haihitaji sahihi ya mtu.

Nyuzi 30 ni kiasi gani kwenye kitanda cha chuma kisicho na alama? Pima kwa kamba au mkono urefu wa ile sehemu ya kitanda inayoinuka, kutoka bawaba hadi mwisho wa kichwani. Nusu ya urefu huo ndiyo kimo unachotaka. Ikiwa sehemu hiyo ni sentimita 80, ncha ya kichwani iwe sentimita 40 juu ya usawa wake wa kawaida. Watu wengi wakikadiria kwa macho hufika nyuzi 15 wakadhani wamemaliza.

Usitumie mito. Mito miwili chini ya kichwa haimwinui mgonjwa, inakunja shingo tu, kidevu kinaingia kifuani na vena unazotaka kuzifungua zinabanwa. Kiwiliwili chote ndicho kinachoinuka kutoka kiunoni, na kichwa kinafuata kikiwa kimenyooka.

Lakini kijana huyu ameanguka na pikipiki, na mgongo wake haujathibitishwa kuwa salama. Mgonjwa wa aina hii hakunjwi kiunoni. Kitanda chake hubaki bapa kisha kiinamishwe chote, upande wa kichwa ukiwa juu. Kwa kitanda kisicho na mtambo, weka matofali au vipande vya mbao chini ya miguu ya upande wa kichwani. Hapo uwe mkweli na hesabu: kitanda cha mita 2 kikiinuliwa sentimita 30 kinapata kama nyuzi 9 tu. Kufika 30 ungehitaji mita nzima, na mgonjwa angeteleza hadi sakafuni. Kwa hiyo chukua unachoweza kwa usalama, funga magurudumu, hakikisha miguu yote imekaa imara, na uandike kwenye chati kwamba ni kitanda kizima kilichoinamishwa. Nyuzi 9 ni bora kuliko bapa. Mgongo ukishathibitishwa, mpandishe hadi 30.

Baada ya hapo simama miguuni pa kitanda umtazame. Pua, kitovu na katikati ya vidole gumba vya miguu viwe kwenye mstari mmoja. Kichwa kikigeukia ukutani, kwa mfano kwa sababu mlango una mwanga, vena ya upande mmoja inabanwa. Mrudishe katikati na umtegemeze kwa shuka iliyokunjwa kila upande.

Kisha pitisha kidole chini ya kola. Kinapaswa kupita bila kulazimisha. Kola iliyovalishwa barabarani ikiwa sawa hubana baada ya saa moja, shingo ikianza kuvimba. Ikibana, tafuteni saizi nyingine mkiwa wawili, mmoja akishika kichwa. Ukimkuta mgonjwa aliyewekewa mpira wa hewa mdomoni, angalia umefungwa vipi. Bendeji iliyozungushwa shingoni ni kitanzi. Tumia plasta shavuni au pitisha bendeji juu ya masikio.

Mgonjwa aliyeinuliwa huteleza kuelekea miguuni. Akishateleza tumbo hukunjamana, shinikizo la tumbo hupanda hadi kifuani, na faida yote imepotea. Kila unapompima, tazama pia yuko wapi kitandani. Kumrudisha juu ni kazi ya watu wawili na shuka, akibingirishwa kama gogo, na asiambiwe ajisukume mwenyewe, kwa sababu kujikaza kunapandisha shinikizo.

Isipokuwa moja: presha ikishuka, usimwinue kwa ukaidi. Mlaze bapa, rekebisha presha, kisha umrudishe.

Hatua ya tatu: kila nusu saa, mkono uleule

Alama za fahamu za Glasgow, ambazo Teasdale na Jennett walizitoa mwaka 1974, hupimwa kila nusu saa mpaka mgonjwa afike 15. Akifika 15, endelea nusu saa kwa saa 2, kisha kila saa kwa saa 4, halafu kila baada ya saa 2. Akiharibika hata kidogo, rudi nusu saa au chini ya hapo. Jumla peke yake haisemi mengi. Andika E ya macho, V ya maneno na M ya mwendo wa viungo, kila moja kwa namba yake, maana 13 ya mtu aliyefunga macho na 13 ya mtu asiyeshika amri ni wagonjwa wawili tofauti. Kati ya zote, M ndiyo inayobeba uzito.

Wakati wa kubadilishana zamu, pimeni pamoja, anayeondoka na anayeingia, mkiwa kando ya kitanda. Vinginevyo 13 ya mmoja huwa 14 ya mwingine na mgonjwa anaonekana amepata nafuu bila kupata.

V ina mtego wake huku kwetu. Kijana wa Nyando akiwa na maumivu atajibu kwa Dholuo. Nesi aliyetoka Bungoma au Nakuru asiyekielewa anaandika "maneno hayaeleweki", na alama zimepotea bure. Mwite mama yake au mhudumu anayeijua lugha hiyo, aulize jina, mahali na mwezi, na akuambie majibu kama yalivyo.

Kwa maumivu, bana msuli wa bega kati ya shingo na bega, au bonyeza kucha kwa kalamu. Kusugua kifua kwa vifundo vya ngumi kunaacha michubuko na kunachanganya majibu. Andika jibu la mkono uliofanya vizuri, lakini kama mmoja ni dhaifu, liandike pia hilo.

Mboni zina shida yake: macho yetu ni meusi na wodi usiku ina giza la manjano. Ukimulika kutoka mbele huoni mpaka kati ya mboni na sehemu nyeusi inayoizunguka. Funika jicho moja kwa kiganja, leta mwanga kutoka ubavuni, kwenye pembe ya nje ya jicho, na utazame kwa pembeni. Tochi ya simu ni kali sana, ishike mbali kidogo au uizibe nusu kwa kidole. Pima ukubwa kwanza, kisha mwitikio, na ulinganishe upande na upande. Kope zikiwa zimevimba, zifungue taratibu kwa vidole viwili, bila kubonyeza jicho.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Saa 2:40 alikuwa E4 V4 M6, jumla 14. Saa 3:10 amefika 15 na anataka kwenda nyumbani. Saa 3:40 bado 15, ila anasema kichwa kinapasuka. Presha 130/78, mapigo 82.

Saa 4:10 ametapika, anavuta kola, anatukana, hatulii. Anajibu lakini ameanza tena kukosea siku: E4 V4 M6, 14. Wenzake wanacheka: "Sista, huyo ni pombe inamtoka. Mwache alale." Hapa ndipo usiku unapoamuliwa. Pombe iliyonywewa jioni hupungua kadiri saa zinavyokwenda, kwa hiyo mlevi anapaswa kuwa bora saa nne kuliko saa tatu. Aliyekuwa 15 akashuka, na kichwa kinauma zaidi, na ametapika, halevuki. Anabanwa.

Kutotulia ni dalili ya mapema kuliko usingizi. Kabla ya kusema ni ubongo, angalia haraka oksimita, kibofu, dripu iliyovimba mkononi, na maumivu. Kibofu kilichojaa peke yake kinaweza kumfanya mtu apigane. Lakini usimtulize kwa dayazepamu ili wodi ipate amani. Utakuwa umefuta kipimo pekee ulichonacho, na pumzi ikipungua, kaboni dayoksaidi hujaa, mishipa ya ubongo hutanuka na shinikizo hupanda zaidi. Dayazepamu ni ya degedege. Kwa maumivu anza na parasetamoli gramu 1 kwenye mshipa.

Mwite daktari saa 4:10, si baadaye. Kuanzia hapo pima kila dakika 15.

Saa 4:40 ametulia, na mama yake aliyefika kutoka nyumbani anafurahi.

"Sista, sasa amelala vizuri. Asante."

"Mama, samahani, lazima nimwamshe," nesi anamjibu. "Akiamka vizuri nitamwacha."

Hakuamka vizuri. Amefungua macho baada ya kuitwa kwa nguvu mara mbili, akataja jina akachanganya mengine: E3 V4 M6, 13. Presha 142/80, mapigo 72. Saa 4:55: E2 V3 M5, jumla 10. Presha 160/84, mapigo 60, na mboni ya kulia ni milimita 5, inajibana kwa uvivu. Ni upande ule wa uvimbe.

Presha inayopanda ni ya kuachwa

Tazama safu ya presha peke yake. Tofauti kati ya juu na chini ilikuwa 46, ikawa 62, sasa ni 76, huku mapigo yakishuka kutoka 88 hadi 60. Ukiongeza pumzi isiyo na mpangilio unapata zile dalili tatu za Cushing zinazofundishwa darasani. Zikikamilika zote, ubongo tayari unasukumwa kuelekea tundu la chini ya fuvu. Mwelekeo wa safu ndio wa kufuatwa, na hapa ulikuwa unaonekana tangu 4:40.

Mtu asiyejua akiona 160/84 anaweza kutafuta haidralazini. Hesabu inaonyesha kwa nini hilo linaua. Damu huingia ubongoni kwa nguvu ya presha ya wastani ukiondoa shinikizo la ndani ya fuvu. Presha ya wastani hapa ni mara mbili ya chini, ujumlishe ya juu, ugawe kwa 3: 168 na 160 ni 328, ukigawa unapata kama 109. Tuseme shinikizo ndani ya fuvu limefika 40. Ubongo unapata 69, na unahitaji kati ya 60 na 70. Ukiishusha presha iwe 120/70, wastani ni 87, ukitoa 40 inabaki 47. Mwili umepandisha presha kwa makusudi ili damu ipite. Mwache.

Hatua ya nne: manitoli, na mikono isiyo na haraka

Manitoli ya asilimia 20 huvuta maji kutoka ubongoni. Dozi ni gramu 0.25 hadi 1 kwa kila kilo, kwa amri ya daktari. Mboni inapoanza kupanuka kwa kawaida huandikwa dozi ya juu. Kwa kilo 60 ni gramu 60. Kila mililita 100 ina gramu 20, kwa hiyo ni mililita 300. Chupa ya mililita 500 ina gramu 100, basi weka alama ya kalamu pale pa kusimama kabla hujafungua, kwa maana katika haraka chupa huisha yote.

Inue chupa kwenye mwanga. Ukiona chembe kama chumvi chini au kwenye shingo ya chupa, imeganda. Itie kwenye maji ya moto, itikise mpaka zipotee, iache ipoe hadi joto la mwili, na utumie seti yenye chujio. Iliyobaki na chembe usiipe.

Iingie kwa dakika 15 hadi 20 kupitia kanula kubwa, ya kijani au zaidi. Usihangaike kuhesabu matone: mililita 300 kwa dakika 20 kwenye seti ya matone 20 ni matone 300 kwa dakika, hakuna jicho linaloyahesabu. Fungua kabisa, tazama saa na alama ya chupa. Hakikisha kanula iko ndani ya mshipa, maana ikivuja nje ya mshipa inaharibu nyama ya mkono.

Katheta iwekwe kabla au wakati huohuo. Mkojo utatoka mwingi, na presha inaweza kushuka nusu saa baadaye, kwa hiyo chumvi ya kawaida iwe tayari. Kama presha ya juu ni chini ya 90 tangu mwanzo, usitoe manitoli. Daktari anaweza kuchagua chumvi kali ya asilimia 3, mililita 250. Na manitoli isigeuzwe tiba ya kumweka mgonjwa wodini hadi asubuhi. Damu bado iko palepale, umenunua muda wa kufika chumba cha upasuaji tu.

Wakati huohuo, kazi za mgonjwa zisirundikane. Kugeuza, kusafisha mdomo, kubadili shuka na kuvuta makohozi kwa mfululizo ni kulipandisha shinikizo mara tatu nne bila nafasi ya kushuka. Fanya moja, subiri mapigo na oksijeni virudi, ndipo ufuate nyingine. Kuvuta makohozi ni pale tu koo linakoroma: mpe oksijeni ya juu kwanza, ingiza mrija usizidishe sekunde 10, na usirudie zaidi ya mara mbili. Usipitishe mrija wowote puani ikiwa kuna maji au damu nyepesi inayotoka puani au sikioni, weusi kuzunguka macho yote mawili, au michubuko nyuma ya sikio. Chini ya fuvu panaweza kuwa pamevunjika. Pitia mdomoni.

Akishuka hadi 8, hawezi tena kulinda njia ya hewa na anahitaji mpira wa hewa. Kama anapumuliwa kwa mfuko, hesabu kwa sauti: bonyezo moja kila sekunde 5 au 6. Mtu aliyeogopa hubonyeza mara 30 kwa dakika bila kujua. Hapo kaboni dayoksaidi hushuka mno, mishipa ya ubongo hujikunja, na sehemu ambazo hazijaumia zinakosa damu.

Joto likipita 38, lishushe kwa parasetamoli na kitambaa cha maji ya vuguvugu, si barafu, kwa sababu kutetemeka kunaongeza mahitaji ya oksijeni. Na huku kando ya ziwa pima malaria, lakini usimsimamishie safari kwa ajili ya kusubiri majibu.

Hatua ya tano: simu na safari

Kupiga simu hospitali ya rufaa, anza na kinachokuhusu, si na historia. Kwa Jaramogi kule Kisumu, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Rasha, maneno yawe kama haya: "Nina mwanaume wa miaka 27, ajali ya boda boda saa mbili usiku. Alikuwa 15 saa 3:10, sasa ni 10, E2 V3 M5. Mboni ya kulia 5 inavivia, ya kushoto 3 inajibu. Presha 160/84, mapigo 60. Amepewa manitoli gramu 60 kuanzia saa 5:00. Nashuku damu inakusanyika upande wa kulia. Nahitaji skani na daktari wa upasuaji wa kichwa usiku huu." Wasikilizaji wakikuuliza la ziada, jibu. Wasipouliza, umeshasema yote ya kuwafanya wafungue chumba. Andika jina la aliyepokea na saa.

Kabla ya gari kuondoka, daktari aamue kama mpira wa hewa uwekwe hapa. Mtu aliyetoka 15 hadi 10 ndani ya saa moja na robo anaweza kuwa 7 akiwa njiani, na nyuma ya ambulensi inayoruka kwenye matuta si mahali pa kuanza kuweka. Kwa mgonjwa huyu ningetaka uwekwe kabla ya kuondoka, kama yupo wa kuuweka.

Machela ya ambulensi iinamishwe upande wa kichwa, kichwa katikati, kola ikaguliwe tena baada ya kufunga mikanda. Mtungi wa oksijeni uhesabiwe: lita 10 kwa dakika ni lita 600 kwa saa, na foleni ya kuingia mjini haiwezi kutabirika hata usiku. Chukua mfuko wa kupumulia, mashine ya kuvuta makohozi, dayazepamu ya degedege, chumvi ya kawaida na tochi. Nesi anayesindikiza akae kichwani, si karibu na dereva, na aandike mboni na alama kila dakika 10. Mwambie dereva aende kwa mwendo mmoja. Breki za ghafla humsukuma mgonjwa machelani na kumfanya akaze mwili.

Mama aambiwe ukweli kwa maneno mafupi kabla ya kupanda: damu inakusanyika kichwani, inabana ubongo, anapelekwa afanyiwe skani na pengine upasuaji. Asimpe chochote mdomoni, hata maji.

Ukifika, kabidhi chati yenyewe na uonyeshe kwa kidole safu ya saa 3:10, ile ya 15. Daktari wa upasuaji anayemwona kijana akiwa 9 anahitaji kujua kwamba saa chache zilizopita alikuwa anaongea na kuomba kwenda nyumbani, kwa kuwa mgonjwa wa namna hiyo, akitolewa damu mapema, ndiye mwenye nafasi nzuri ya kurudi alivyokuwa. Kisha taja saa ya manitoli, kiasi cha mkojo uliotoka tangu hapo, na presha ya mwisho, na usubiri hadi wampime mboni mbele yako.